Ndoo Inahesabiwa, Sufuria Haihesabiwi

Mama mkubwa wangu anaishi kijiji kimoja cha milimani wilayani Same. Nilipokwenda kuwajulia hali yeye na baba mkubwa, nililala kwao zaidi ya wiki nzima, na kila siku nilimkuta ameshaamka. Saa kumi na moja alfajiri anashika njia ya chemchemi na ndoo ya lita ishirini kichwani. Akirudi anapumzika kidogo, anarudi tena. Jua likichomoza anatwanga mahindi kwenye kinu kuyatoa maganda, anapepeta, anachambua maharage, anapanga mafiga, anawasha kuni alizokata mwenyewe juzi yake, anatenga makande. Makande hayana haraka. Wakati yanachemka anamgeuza baba mkubwa kitandani, maana tangu apate kiharusi upande mmoja hauinuki, anamwogesha, anambadilisha shuka, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Kisha anafua shuka.

Siku moja nilimwuliza kwa utani wa kifamilia kama amewahi kuhojiwa na watu wa takwimu. "Walikuja," akasema. "Kijana mmoja mpole. Akaniuliza kama nafanya kazi. Nikamwambia, mwanangu, sina kazi, nipo tu nyumbani na mgonjwa wangu."

Jibu hilo limekaa moyoni mwangu tangu siku hiyo, kwa sababu kwa kanuni zenyewe za kukokotoa Pato la Taifa, mama mkubwa alikosea. Sehemu ya asubuhi yake ni uzalishaji kamili, na inastahili kuingia kwenye hesabu za nchi. Sehemu nyingine haimo. Na mpaka unaotenganisha hizo mbili unapita katikati ya jiko lake, baina ya ndoo na sufuria.

Tuanze na Pato la Taifa lenyewe, ambalo Wakenya huliita pato jumla la taifa. Ni thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa kipindi fulani, kwa kawaida mwaka au robo mwaka. Neno la kushika hapo ni "zilizozalishwa". Pato la Taifa halipimi mali tuliyo nayo, wala fedha zilizopita mikononi mwetu. Ukimuuzia jirani kiwanja chako kwa milioni kumi, Pato la Taifa haliongezeki kwa milioni kumi, kwa kuwa hakuna ardhi mpya iliyozalishwa. Kinachoingia ni kamisheni ya dalali na ada ya mwanasheria, maana hao wametoa huduma. Mjomba akikutumia fedha kutoka Muscat, fedha hizo nazo si uzalishaji wa hapa.

Mtu wa kutusaidia kuelewa hesabu hii ni mama lishe. Tuseme kwa siku moja anauza wali maharage wa shilingi elfu sitini. Asubuhi yake alinunua mchele, maharage, mafuta, nyanya, mkaa na maji kwa elfu arobaini na mbili. Mchango wake kwenye Pato la Taifa ni elfu kumi na nane, yaani ile tofauti, ambayo wataalamu huiita thamani iliyoongezwa. Zile elfu arobaini na mbili hazimhesabiwi yeye, kwa sababu zimekwisha kuhesabiwa kwa mkulima wa Kyela, kwa mwenye lori, kwa muuza mkaa. Zikihesabiwa tena kwa mama lishe, gunia moja la mchele litaonekana magunia matatu. Ukijumlisha thamani iliyoongezwa na kila mzalishaji nchini, toka kiwanda cha saruji mpaka kinyozi wa kichochoroni, kisha ukarekebisha kodi na ruzuku zilizowekwa juu ya bidhaa, unapata Pato la Taifa.

Mama lishe huyo hana daftari wala risiti, lakini yumo. Watakwimu humkadiria kwa tafiti za sekta isiyo rasmi na za matumizi ya kaya, kisha wanakuza makadirio hayo kwa nchi nzima. Kwa hiyo yule anayesema kazi za nyumbani hazihesabiwi kwa kuwa hazina karatasi, hoja yake haisimami. Sehemu kubwa ya uchumi wetu haina karatasi na inahesabiwa kila mwaka.

Hata hoja kwamba kinachohesabiwa ni kile tu kilichouzwa nayo ina matundu, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Mahindi ambayo mkulima anavuna na kula na wanawe, bila gunia hata moja kufika sokoni, yanahesabiwa. Hukadiriwa kwa bei ambayo yangeuzwa. Somo la hesabu analofundisha mwalimu wa shule ya msingi ya serikali halina bei popote, lakini linahesabiwa, na thamani yake hukisiwa kwa gharama ya kulitoa, hasa mshahara wa mwalimu. Na mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe huhesabiwa kana kwamba ni mwenye nyumba anayejipangisha: watakwimu huangalia nyumba kama hiyo ingepangishwa kwa kiasi gani, kisha kodi hiyo ambayo haikulipwa na mtu yeyote huingizwa kwenye Pato la Taifa.

Hilo la nyumba lina sababu nzuri. Bila hivyo, nchi ambayo watu wengi wanaishi kwao ingeonekana maskini kuliko nchi ya wapangaji, ingawa wote wamelala chini ya paa. Lakini tazama maana yake kule Same. Nyumba ya mama mkubwa, iliyosimama tu kwenye kilima bila kunyanyua hata kijiko, inachangia Pato la Taifa kila mwezi. Mwanamke anayehangaika ndani yake tangu alfajiri, kwa zile saa anazopika, kuogesha na kufua, hachangii chochote.

Kanuni zinazoamua haya hazitungwi Dodoma wala Nairobi. Ziko kwenye mwongozo wa kimataifa unaoitwa Mfumo wa Hesabu za Taifa, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1953 na umefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Ndani yake mna kitu kinachoitwa mpaka wa uzalishaji. Kilicho ndani ya mpaka kinahesabiwa, kilicho nje hakihesabiwi hata kama dunia nzima inakitegemea. Toleo la 1993 liliweka wazi kwamba bidhaa yoyote ambayo kaya inajizalishia iko ndani, mradi iwe na uzito katika upatikanaji wa bidhaa hiyo nchini. Kuteka maji kumo, kwa sababu maji ni bidhaa na kuyatoa chemchemini mpaka nyumbani ni kuyazalisha. Kukata kuni kumo. Kukoboa na kusaga nafaka kumo. Kusuka mkeka wa kulalia na kupika pombe ya kienyeji vimo pia.

Huduma ambayo kaya inajifanyia haimo. Kupika chakula cha kuliwa hapo hapo, kuosha vyombo, kufagia, kulea mtoto, kuuguza mgonjwa, yote yako nje, isipokuwa ukimlipa mtu wa nje ayafanye.

Sasa turudi jikoni tukaifuate sufuria ya makande. Mahindi yamelimwa: ndani. Maharage yamelimwa: ndani. Mahindi yametwangwa: ndani. Maji yametekwa: ndani. Kuni zimekatwa na kubebwa: ndani. Mama mkubwa anaweka sufuria juu ya mafiga, na dakika ile ile anatoka nje ya uchumi. Saa tatu za kuchochea moto, kuongeza maji, kukaanga vitunguu na kupakua si uzalishaji. Kama angeibeba sufuria ile ile hadi kituo cha mabasi akauza sahani tano, angerudi ndani.

Msomaji atauliza ni nani aliyeuchora mpaka huu, na kama hakuona. Waliona. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, aliwasilisha ripoti yake kwenye Seneti mwaka 1934. Humo alisema wazi kwamba kazi za akina mama wa nyumbani ameziacha, na akatahadharisha kwamba hali njema ya watu haiwezi kusomwa kirahisi kwenye jumla ile. Mwaka huo huo mchumi mwingine wa Marekani, Margaret Reid, alichapisha kitabu kizima kuhusu uzalishaji wa nyumbani. Humo alitoa kipimo chepesi ambacho bado kinatumika: kama kazi hiyo angeweza kulipwa mtu wa tatu aifanye kwa niaba yako, basi ni uzalishaji. Kupika ni uzalishaji, kwa kuwa unaweza kumlipa mpishi. Kula si uzalishaji, kwa kuwa huwezi kumlipa mtu ale ukashiba wewe.

Lakini anayenigusa zaidi ni Phyllis Deane, kwa sababu alikuja kwenye vijiji vinavyofanana na vyetu. Alikuwa mchumi kijana aliyepewa kazi ya kujaribu njia mpya ya hesabu za taifa, iliyobuniwa Uingereza wakati wa vita, kwenye makoloni. Kati ya 1945 na 1947 alikwenda Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi, na akakaa vijijini akiuliza watu wanalima nini, wanakula nini, wanatumia muda wao vipi. Aliondoka na hoja iliyo wazi: haina mantiki kuhesabu mazao anayoyala mkulima bila kuhesabu kazi ya kuyapika na kutafuta kuni za kuyapikia, wakati kazi hizo zinakula sehemu kubwa hivyo ya siku ya mwanakijiji. Mwongozo wa 1953 ulipotoka, haukufuata ushauri wake. Ilichukua miaka arobaini kwa maji na kuni kuingizwa bayana. Sufuria bado inangoja.

Watetezi wa mpaka huu wana sababu zao, na haifai kuzipita juu juu. Ya kwanza ni kwamba huduma za nyumbani haziathiri sana masoko: anayepika hula mwenyewe, na chakula kile hakishindani na cha mtu mwingine. Ya pili ni ugumu wa kukadiria bei. Ya tatu, ambayo mimi naiona ndiyo nzito, ni matumizi ya hesabu zenyewe. Benki kuu inayotaka kujua kama mfumuko wa bei unakuja, au hazina inayotaka kujua itakusanya kodi kiasi gani, inahitaji kuona fedha zinavyokwenda. Ukimwaga ndani ya jumla hiyo thamani kubwa isiyolipwa na mtu, mabadiliko ya uchumi wa fedha yatafunikwa. Tena, kama kila anayefagia nyumba yake ni mzalishaji aliyeajiriwa, basi hakuna asiye na ajira, na neno lenyewe linapoteza maana.

Sababu hiyo ya tatu naikubali kama sababu ya kuwa na hesabu mbili. Siikubali kama sababu ya kutokuwa na hesabu. Na ile ya ugumu wa kukadiria imekwisha kujibiwa na matendo ya watakwimu wenyewe. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilitangaza kwamba pato lake la mwaka uliotangulia lilikuwa kubwa kwa asilimia 25.3 kuliko ilivyodhaniwa, baada ya kubadilisha mwaka wa kizio na kuingiza takwimu mpya. Hakuna debe moja la mahindi lililoongezeka usiku ule. Kilichobadilika ni kilichoonekana. Kama robo nzima ya uchumi inaweza kupatikana kwa kuboresha vipimo, basi ugumu wa kupima jiko hautoshi kuwa kisingizio.

Kupima kwenyewe hufanyika hivi. Kwanza unatafuta muda. Tanzania iliweka sehemu ya matumizi ya muda kwenye utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 na tena 2014. Kenya ilifanya utafiti wake wa matumizi ya muda mwaka 2021. Mhojaji hamwulizi mtu kama anafanya kazi, kwa sababu jibu la mama mkubwa tunalijua. Anamtembeza kwenye siku yake: jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini, kisha nini. Na hapa ndipo utafiti mbovu unapojulikana. Mwanamke atasema, "saa nne nilikuwa napika." Mhojaji asipouliza, "na wakati ule ule ulikuwa unafanya nini kingine?", hatasikia habari za mtoto mgongoni wala mgonjwa aliyekuwa akiangaliwa kila baada ya dakika chache. Uangalizi ndiyo kazi inayopotea kwa wepisi zaidi, kwa kuwa mara nyingi hufanyika chini ya kazi nyingine. Utafiti wa Kenya ulionyesha wanawake wanatumia muda karibu mara tano ya ule wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na uangalizi usiolipwa.

Kisha unatafuta bei, na hapa pana mtego. Tumfanyie hesabu mama mkubwa. Maji kwanza, kwa kuwa yako ndani ya mpaka. Anateka ndoo nne kwa siku. Tuseme pale kijijini mwenye bodaboda anauza ndoo kwa shilingi mia tatu. Hiyo ni shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku, au 438,000 kwa mwaka, na gharama ya kutoa ni uchakavu wa ndoo tu. Sasa kupika, kufua na kumwuguza baba mkubwa, tuseme saa tano kwa siku, yaani saa 1,825 kwa mwaka. Njia moja ni kuuliza, angelipwa kiasi gani dada wa kazi? Tuseme dada analipwa elfu themanini kwa mwezi, na chakula na malazi yake vinathamani ya elfu sabini, ambavyo kwa kanuni ni sehemu ya ujira. Anafanya kazi siku ishirini na sita, saa kumi kwa siku. Inatoka kama shilingi 577 kwa saa, na kwa mama mkubwa inakuwa zaidi kidogo ya milioni moja na elfu hamsini kwa mwaka. Njia ya pili inagawa kazi: saa za kupika kwa ujira wa mpishi wa hoteli, saa za kuuguza kwa ujira wa muuguzi. Tukikadiria wastani wa shilingi 1,500 kwa saa, inakuwa zaidi ya milioni mbili na laki saba.

Ni mwanamke yule yule na saa zile zile, lakini thamani moja inaizidi nyingine zaidi ya mara mbili na nusu. Watakwimu wengi huchagua njia ya kwanza kwa kuwa ni ya tahadhari, na naelewa tahadhari hiyo. Lakini dada wa kazi hulipwa kidogo kwa sababu kazi yake inafanana na ile ambayo mama, shangazi na binti wanaifanya bure katika nyumba ya pili. Ukitumia ujira huo kuithamini kazi ya bure, unapima upungufu kwa fimbo iliyokatwa na upungufu wenyewe.

Hata kwa fimbo hiyo fupi, jumla haifichiki. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilipotumia utafiti wa 2021 kutengeneza hesabu ya pembeni ya kazi za nyumbani zisizolipwa, ilionekana thamani yake inazidi moja ya tano ya pato la nchi. Hesabu ya pembeni maana yake imewekwa kando, ili isomwe pamoja na Pato la Taifa bila kuchanganywa nalo. Wakuu wa takwimu za kazi duniani nao, walipokutana Geneva mwaka 2013, walikubaliana kwamba kupika na kulea ni kazi, japo si ajira. Neno limeshapatikana. Kijana mpole akirudi Same na dodoso jipya lililofuata makubaliano hayo, mama mkubwa hataandikwa tena kama mtu aliyekuwepo tu.

Mwaka huu nilikwenda tena. Serikali ya kijiji imefikisha bomba, gati liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwake, na ndoo ni shilingi hamsini. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba, mwanangu, karibu ndani, tuko huku." Alikuwa ameketi kitandani pembeni ya mumewe, anamkunja na kumkunjua vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo wa hospitalini. Zamani, aliniambia, zoezi hilo alilifanya Jumapili tu, kwa sababu ya maji. Sasa analifanya kila asubuhi, saa mbili kamili, na kidole gumba kimeanza kuitika.

Kwa mpaka wa uzalishaji, zile saa mbili za chemchemi zilikuwa ndani. Saa mbili za vidole ziko nje. Mwaka huu mama mkubwa amezalisha kidogo kuliko mwaka jana.